Chupa mbili za bei nafuu: namna ya kuisoma lebo ya losheni ya mtoto

Mama mmoja mkazi wa Kawempe, kaskazini mwa jiji la Kampala, alinunua chupa mbili za losheni ya mtoto kwa shilingi 15,000. Dukani, chupa moja ya losheni yenye sura ileile huuzwa kwa shilingi 18,000. Mchuuzi aliyemuuzia kando ya barabara alikuwa na maelezo tayari: "Mama, hii ni ileile ya dukani. Mimi silipi kodi ya pango, ndiyo maana bei yangu ni ndogo." Siku ya nne, binti yake wa miezi mitano alitokwa na vipele vyekundu shingoni na mapajani.

Mkunga wa kituo cha afya alimwagiza aache kuipaka losheni hiyo mara moja, amwogeshe mtoto kwa maji matupu, kisha arudi na chupa zote mbili. Alipozileta, mkunga aliziweka mezani sambamba na akamtaka azisome. Mama huyo, ambaye hatumtaji jina, anasema mpaka siku ile alikuwa akiitazama picha ya mtoto iliyo mbele ya chupa na hakuwahi kuigeuza chupa asome nyuma.

Somo alilolipata siku hiyo laweza kumfaa kila mzazi. Mtu anayeghushi bidhaa huweza kuiga rangi, picha na jina kwa urahisi. Kinachomshinda ni kuyafanya maelezo yote ya lebo yapatane. Kwa hiyo kuisoma lebo ni kulinganisha maneno yake: haya yasemwayo mbele, je, yanakubaliana na yale ya nyuma, na yale yaliyogongwa chini ya chupa?

Nambari ya toleo na tarehe

Hitilafu ya kwanza waliyoiona ilikuwa katika nambari ya toleo. Kiwanda hutengeneza losheni kwa mikupuo. Kila mkupuo hupewa nambari yake, ili dosari ikigundulika chupa zote za mkupuo huo ziweze kutafutwa na kuondolewa sokoni. Chupa zenye nambari moja zimetoka katika mkupuo mmoja, na kwa sababu hiyo hutarajiwa kuwa na tarehe moja ya mwisho wa matumizi. Chupa mbili za mama huyu zilikuwa na nambari ileile ya toleo, lakini tarehe zake za mwisho zilipishana kwa mwaka mzima. Mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja.

Hitilafu ya pili ilihusu namna tarehe yenyewe ilivyoandikwa. Lebo huchapwa mapema, maelfu kwa maelfu, kabla losheni haijamiminwa katika chupa. Nambari ya toleo na tarehe hujulikana siku ya kujaza chupa tu. Ndiyo maana kwa kawaida hugongwa baadaye kwa mashine nyingine, mara nyingi kwa vitone vidogo vya wino au kwa mwale unaochoma plastiki, chini ya chupa au karibu na mfuniko. Katika chupa za mama huyu, tarehe zilikuwa sehemu ya lebo, kwa wino na herufi zilezile za maandishi mengine. Hilo peke yake halithibitishi kughushi, ila ni sababu ya kutazama zaidi. Vivyo hivyo, mahali penye tarehe pakiwa pamekwaruzwa, au wino ukiwa umetapakaa kana kwamba ulifutwa na kugongwa upya, huenda bidhaa iliyokwisha muda imepewa umri mpya.

Jina na anwani ya mtengenezaji

Nyuma ya chupa iliandikwa jina la nchi ya mbali, basi. Hapakuwa na jina la kiwanda, mji, wala sanduku la posta. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina kiwango cha pamoja cha lebo za vipodozi, kijulikanacho kama EAS 346, na kutaja jina na anwani ya mhusika ni miongoni mwa mambo ya msingi ya lebo. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: mtoto akidhurika, lazima awepo mtu wa kuulizwa. Anayeghushi huikwepa anwani kwa sababu hiyohiyo.

Mama huyo alikuwa ameipa imani mistari myeusi yenye tarakimu ambayo keshia huipitisha kwenye mashine. Mistari hiyo haithibitishi usalama. Tarakimu tatu za mwanzo huonyesha ofisi iliyotoa nambari: kwa mfano, 616 ni ya Kenya na 620 ni ya Tanzania. Hazisemi bidhaa ilitengenezwa wapi, na yeyote mwenye printa aweza kuzinakili kutoka chupa halali.

Orodha ya viambato

Sehemu inayowatisha wasomaji wengi ni orodha ya viambato, kwa kuwa imejaa maneno mageni. Hata hivyo, maneno hayo ni mageni kwa karibu kila mtu. Watengenezaji wa vipodozi duniani hutumia majina ya pamoja, mengine ya Kilatini, ili orodha ifanane kokote inakouzwa. Msomaji wa Kiswahili hajaachwa nyuma na msomaji wa Kiingereza hapa. Wote wawili wanajifunza upya.

Kanuni kuu ni kwamba viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Vile tu vilivyo chini ya asilimia moja ndivyo vinavyoweza kupangwa vyovyote mwishoni. Losheni nyeupe ya majimaji kwa kawaida ni maji yaliyochanganywa na mafuta, kwa hiyo neno la kwanza hutarajiwa kuwa "Aqua", yaani maji. Mafuta mazito ya mgando, yale tunayoyaita vazelini, huandikwa "Petrolatum". Manukato huandikwa "Parfum". Chupa za mama huyu zilikuwa na losheni nyepesi kama maziwa, ilhali orodha ilianza na "Petrolatum" na neno "Aqua" halikuwamo kabisa. Yaelekea aliyeichapa lebo aliinakili kutoka kopo la mafuta ya mgando.

Kukosekana kwa maji katika orodha si jambo dogo. Penye maji, bakteria na kuvu huweza kuota. Ndiyo maana kiwanda halali hutumia maji yaliyosafishwa na kuongeza kihifadhi. Anayechanganya losheni katika pipa uani huweza kutumia maji yasiyo salama bila kihifadhi chochote, kisha akafunika harufu kwa manukato mengi. Losheni inayojitenga matabaka, iliyobadilika rangi au inayonuka uchachu chini ya manukato yake haifai kupakwa, hata kama lebo yake haina kasoro.

Kwa nini ngozi ya mtoto huathirika zaidi

Ukilinganisha ukubwa wa ngozi na uzito wa mwili, mtoto mchanga ana ngozi nyingi mara mbili hadi tatu kuliko mtu mzima. Kinachopenya ngozini mwake huenea katika mwili mdogo. Tena, chini ya nepi ngozi huwa na joto na unyevu, na katika hali hiyo kupenya huongezeka. Kiasi ambacho mama angepaka mkononi bila kuona lolote chaweza kumletea mwanawe taabu.

Mahali ambapo lebo haitoshi

Kusoma lebo kuna mpaka wake: lebo husema kile ambacho mwandishi wake ametaka kukisema. Januari 2021, mamlaka za mkoa wa Fujian nchini China zilithibitisha kwamba krimu moja iliyouzwa kwa ajili ya watoto ilikuwa na klobetasoli, ambayo ni steroidi kali. Mtoto aliyekuwa akipakwa alinenepa kupita kiasi, uso ukavimba na nywele zikamwota usoni. Kuona kwa macho kusingeweza kuigundua steroidi hiyo, ilihitajika maabara.

Dalili katika hali kama hiyo hutoka kwenye matokeo. Steroidi hutuliza wekundu na mwasho kwa kasi. Basi losheni ya kawaida ikifuta upele sugu kwa siku moja au mbili, na upele ukarudi kwa nguvu kila inapoachwa, mzazi ana sababu ya kuipeleka kwa daktari. Na pale ambapo jina limeandikwa waziwazi, kama vile "clobetasol" au "betamethasone", hicho si kipodozi bali ni dawa, na dawa nchini Uganda zimo chini ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Isipakwe mtoto bila agizo la daktari. Aidha, mtoto aliyekwisha kuizoea asiachishwe ghafla bila ushauri wa daktari, kwani mwili wake huenda umeanza kuitegemea.

Kwa binti wa Kawempe, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama vipele vilisababishwa na manukato, uchafu wa maji au kitu kingine. Vilipungua baada ya wiki moja tangu losheni ilipoachwa. Mkunga alimwambia mama kwamba jibu kamili lingehitaji kipimo cha maabara.

Hatua za kuchukua

Vipodozi vinavyotengenezwa Uganda huthibitishwa na UNBS, yaani Shirika la Taifa la Viwango, na hubeba alama yake ya ubora yenye herufi Q. Bidhaa nyingi ziingizwazo nchini hukaguliwa katika nchi zitokako kabla ya kupakiwa. Alama ya Q nayo yaweza kughushiwa, kwa hiyo mnunuzi mwenye shaka aweza kulitafuta jina la bidhaa katika orodha ya bidhaa zilizothibitishwa kwenye tovuti ya shirika hilo, unbs.go.ug.

Ukishuku bidhaa uliyokwisha kuinunua, usiimwage wala usiitupe chupa. Ifunge, iweke mbali na watoto, piga picha ya lebo pande zote pamoja na nambari ya toleo, na uandike mahali na siku uliyoinunua. Kisha piga simu ya bure ya UNBS, 0800 133 133, au uifikishe chupa ofisini kwao. Makao makuu yako Bweyogerere. Mtoto akivimba uso, akipumua kwa shida, akipata homa au malengelenge, mpeleke kwanza hospitali pamoja na chupa, ili daktari ajue alichopakwa.

Risiti nayo ina kazi yake. Bila risiti, wakaguzi hupata chupa lakini hukosa njia ya kurudi kwa aliyeiuza na kwa aliyemuuzia yeye. Mama wa Kawempe hakuwa nayo, na mchuuzi wake hakuonekana tena mahali pale. Chupa zilizosalia katika mzigo ule, zenye nambari ileile ya toleo, huenda bado zinauzwa kwa bei ileile mahali pengine.