Kupima vekta aigeni kwa mkono

Matriksi ikizidishwa kwa vekta hutoa vekta nyingine. Kwa kawaida vekta hiyo mpya huwa na urefu tofauti na ile ya kwanza, na huelekea upande mwingine. Lakini kwa karibu kila matriksi ya mraba inayokutwa vitabuni, zipo vekta chache zisizopindishwa: zinarefushwa, zinafupishwa au zinageuzwa kuelekea nyuma, ila hubaki juu ya mstari uleule zilikoanzia. Vekta ya namna hiyo huitwa vekta aigeni ya matriksi husika, na namba inayoeleza imerefushwa mara ngapi ndiyo thamani yake aigeni. Neno hilo limetoka kwenye Kijerumani, ambako *eigen* ni -a mwenyewe. Mwanahisabati David Hilbert alilitumia hivyo mwaka 1904, na lugha nyingi zimelichukua jinsi lilivyo.

Kwa alama, sharti lote ni mstari mmoja:

```
A v = λ v
```

Hapa A ni matriksi, v ni vekta isiyo sifuri, na λ, herufi ya Kigiriki isomwayo lamda, ni namba ya kawaida. Mara nyingi swali huja likiwa limeshataja vekta, likitaka tu ijulikane kama ni aigeni au siyo. Wanafunzi wengi wakiona swali hilo hukimbilia kutafuta detaminanti, kuandika mlinganyo wa λ na kuutatua. Kazi hiyo ni ndefu, na hapa haihitajiki. Njia ile ni ya kutafuta vekta isiyojulikana. Vekta ikishatolewa, kinachotakiwa ni kuizidisha mara moja na kulinganisha.

Chukua matriksi hii yenye safu mlalo tatu na safu wima tatu:

```
    | 3  1  1 |
A = | 2  4  2 |
    | 1  1  3 |
```

Vekta inayopimwa ni (1, 2, 1), ambayo huandikwa wima upande wa kulia wa matriksi. Kila safu mlalo ya matriksi hukutana na vekta nzima: namba ya kwanza huzidishwa kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili, ya tatu kwa ya tatu, kisha mazao matatu hujumlishwa.

```
3×1 + 1×2 + 1×1 = 6
2×1 + 4×2 + 2×1 = 12
1×1 + 1×2 + 3×1 = 6
```

Zao ni (6, 12, 6). Sasa kila namba mpya hugawanywa kwa namba ya zamani iliyokaa nafasi ileile: 6 kwa 1 ni 6, 12 kwa 2 ni 6, na 6 kwa 1 ni 6. Migawanyo yote mitatu imetoa jibu moja, kwa hiyo (1, 2, 1) ni vekta aigeni na thamani yake aigeni ni 6. Mpya hugawanywa kwa ya zamani, wala si kinyume chake. Anayegeuza mgawanyo atapata moja ya sita na kuamini kuwa matriksi inafupisha, ilhali inarefusha mara sita.

Vekta (1, 1, 1) inaonyesha jinsi jaribio linavyokataa. Ikizidishwa kwa matriksi hiyohiyo, zao ni (5, 8, 5). Mgawanyo wa kwanza ni 5, wa pili ni 8, wa tatu ni 5. Hakuna namba moja inayoweza kuigeuza (1, 1, 1) kuwa (5, 8, 5), kwa hiyo vekta hii si aigeni. Hapa pana mtego: aliyeangalia nafasi ya kwanza na ya tatu pekee angeona 5 mara mbili na kutangaza kuwa thamani aigeni ni 5. Mgawanyo mmoja unaopishana unatosha kuikataa vekta, lakini kuikubali kunadai nafasi zote zikubaliane bila kubakiza hata moja.

Kosa linalowakuta wengi zaidi hutokea mapema, kwenye kuzidisha kwenyewe. Mkono huteremka na safu wima badala ya kwenda na safu mlalo. Kwa vekta (1, 2, 1), namba ya kwanza ya zao ingehesabiwa kutoka safu wima ya kwanza: 3×1 + 2×2 + 1×1, yaani 8. Ya pili ingekuwa 10 na ya tatu 8. Migawanyo ingetoka 8, 5 na 8, na vekta iliyo aigeni kweli ingetupwa. Kosa hili ni gumu kuligundua kwa sababu zipo matriksi zinazolificha kabisa: zile ambazo upande mmoja wa ulalo ni kivuli cha upande wa pili, kiasi kwamba safu mlalo ya kwanza ni sawa na safu wima ya kwanza, na kadhalika. Aliyejifunza kwa mifano ya namna hiyo tu anaweza kuzidisha vibaya kwa muda mrefu bila kupata jibu lisilo sahihi hata mara moja.

Sifuri ndani ya vekta nayo inataka uangalifu. Pima (1, −1, 0) kwa A. Safu ya kwanza inatoa 3 − 1, yaani 2. Ya pili 2 − 4, yaani −2. Ya tatu 1 − 1, yaani 0. Zao ni (2, −2, 0). Nafasi mbili za mwanzo zinatoa mgawanyo wa 2, lakini ya tatu ingedai sifuri igawanywe kwa sifuri, jambo lisilo na jibu. Mahali hapo mgawanyo huachwa, na kanuni ya awali ya kuzidisha hurudishwa: je, 2 mara 0 ni 0? Ndiyo. Basi vekta ni aigeni na thamani yake ni 2. Kwa hiyo penye sifuri katika vekta ya mwanzo lazima zao nalo liwe na sifuri. Vekta (1, 0, 1) hutoa (4, 4, 4). Sifuri ya katikati imegeuka 4, na hakuna namba inayoweza kuzidisha sifuri ikapata 4. Imekataliwa papo hapo, hata kabla ya kutazama nafasi nyingine.

Vekta yenye sifuri tupu ni jambo jingine. Matriksi yoyote ikizidishwa kwa (0, 0, 0) hutoa (0, 0, 0), na mlinganyo hutimia kwa λ yoyote ile. Haionyeshi mwelekeo wowote, wala hakuna namba moja ya kusomwa humo. Ndiyo maana maana yenyewe ya vekta aigeni inaiondoa. Hali hiyo huchanganywa mara kwa mara na thamani aigeni iliyo sifuri, ambayo ni halali kabisa. Matriksi ndogo inatosha kuonyesha:

```
    | 2  4 |
B = | 1  2 |
```

Vekta (2, −1) ikizidishwa kwa B hutoa 4 − 4 na 2 − 2, yaani (0, 0). Vekta ya mwanzo haikuwa sifuri. Ni zao lililokuwa sifuri. Kwa hiyo (2, −1) ni vekta aigeni ya B, na thamani yake ni 0. Anayesema hakuna jibu kwa kuwa kila kitu kimefutika amekosea. Swali la kujiuliza ni moja tu: sifuri tupu imeonekana kabla ya kuzidisha, au baada yake?

Ukubwa wa vekta haubadilishi uamuzi. Kwa kuwa (1, 2, 1) ni aigeni ya A, (2, 4, 2) na (−1, −2, −1) ni aigeni pia, na zote zina thamani ileile ya 6. Alama ya hasi iliyo kwenye vekta haihamii kwenye thamani. Jambo hili lina faida kwa anayehesabu kwa mkono: vekta ikitolewa kwa sehemu, kama ⅓, ⅔, ⅓, inaweza kuzidishwa kwa 3 kwanza, ikapimwa kwa namba kamili, na jibu likabaki lilelile.

Kuzijumlisha vekta aigeni mbili ni suala tofauti. A ina vekta (1, 0, −1) ambayo nayo huzidishwa kwa 2, kwani zao lake ni (2, 0, −2). Ukiijumlisha na (1, −1, 0), ambayo thamani yake pia ni 2, unapata (2, −1, −1), na zao lake ni (4, −2, −2): bado ni aigeni yenye thamani 2. Lakini ukiijumlisha (1, −1, 0) na (1, 2, 1) unapata (2, 1, 1), na zao lake ni (8, 10, 6). Migawanyo ni 4, 10 na 6. Sehemu moja ya vekta ilirefushwa mara mbili na nyingine mara sita, kwa hiyo jumla yake imepinda. Vekta mbili zenye thamani tofauti hazitoi aigeni zikijumlishwa.

Jibu likishapatikana, ipo njia fupi ya kulihakiki kwa hesabu isiyofanana na ile ya kwanza. Thamani iliyosomwa huondolewa kwenye kila namba ya ulalo, na matriksi iliyobaki huzidishwa kwa vekta ileile. Kwa thamani 6, ulalo wa A wenye 3, 4 na 3 unakuwa −3, −2 na −3:

```
−3×1 + 1×2 + 1×1 = 0
 2×1 − 2×2 + 2×1 = 0
 1×1 + 1×2 − 3×1 = 0
```

Zao lote likiwa sifuri, jibu ni sahihi. Safu moja ikibakiza namba yoyote, ama kuzidisha kulikosewa ama thamani ilisomwa vibaya, na safu hiyo yenyewe inaonyesha pa kuanzia kutafuta.

Namba zenye desimali zinahitaji uamuzi wa aina nyingine. Chukua matriksi yenye safu mlalo 1, 1 na 1, 0, ambayo hutumika kuzalisha mfuatano wa Fibonachi, na vekta (1.618, 1). Zao ni (2.618, 1.618). Mgawanyo wa pili ni 1.618 kamili, lakini wa kwanza si hivyo: 1.618 ikizidishwa kwa yenyewe ni 2.617924, imepungua kidogo kufikia 2.618. Kwa ukali wa hesabu, (1.618, 1) si vekta aigeni, iko jirani sana na iliyo aigeni. Iliyo aigeni kweli ina (1 + √5)/2 mahali pa 1.618, na namba hiyo ikizidishwa kwa yenyewe huwa sawasawa na yenyewe ikiongezwa 1, kwa hiyo migawanyo miwili hulingana bila kubaki chochote. Basi migawanyo ikipishana katika desimali ya nne au ya tano, kwanza huangaliwa kama vekta iliyotolewa ilikuwa imekadiriwa. Ikiwa ilikadiriwa, hupimwa upya kwa umbo lake kamili lenye kipeuo cha pili au sehemu. Ikiwa namba zake zilikuwa kamili tangu mwanzo, hata tofauti ndogo kiasi hicho inaikataa.