Utepe wa Jua Juu ya Bati: Utangulizi wa Kuchora Mapaa

Kama umewahi kuchora nyumba ya bati ukaona paa limetoka kama kitambaa chenye mistari, makala hii ni yako. Nitakuonyesha jinsi paa la bati linavyojengwa na jinsi jua linavyolipiga, kwa kutumia nyumba za Mwankoko, kata iliyo katika Manispaa ya Singida. Huko zipo nyumba za kawaida za bati, na Singida ina miamba ya mawe ambayo mchoraji anaweza kuipanda akaliona paa kwa juu. Unahitaji penseli, karatasi na rangi ya maji tu.

Tuanze na bati lenyewe, lile la mawimbi ya mviringo. Sehemu iliyoinuka tutaiita mgongo, na iliyozama tutaiita bonde. Kutoka mgongo mmoja hadi wa pili ni milimita 76 hivi, yaani inchi 3, na kina cha bonde ni kama milimita 18. Bati la aina hii ni la zamani: Mwingereza Henry Robinson Palmer alipata hataza ya bati la mawimbi mwaka 1829, na vipimo vya inchi vimebaki mpaka leo. Bati la migongo mipana lina sehemu bapa kati ya migongo na mwanga wake ni tofauti, kwa hiyo tuliache kando.

Fundi hapangi mabati ubavu kwa ubavu. Analaza ukingo wa bati moja juu ya jirani yake ili mvua isipenye, na sehemu hiyo inayofunikwa huitwa mlalio. Chukua bati lenye migongo 11. Likilaliwa mgongo mmoja, inabaki 10 inayohesabika, karibu sentimita 76. Paa la urefu wa mita 9 basi linakula mabati 12 kwa upande mmoja, na lina migongo ipatayo 120. Ukilichora kwa upana wa sentimita 30, kila wimbi linapata milimita mbili na nusu. Ndipo wengi wanapokwama: wanaanza kuchora migongo kutoka kushoto, mkono unachoka, na kufikia katikati nafasi zimeshabadilika.

Usianze na migongo. Anza na milalio. Chora umbo zima la upande wa paa, kisha piga mistari miwili kutoka kona hadi kona. Inapokutana ndipo ilipo katikati halisi ya paa, hata kama upande wa mbali unaonekana mfupi kuliko wa karibu. Pitisha hapo mstari kutoka juu hadi chini, na umepata mabati sita kila upande. Rudia katika kila nusu, upate matatu matatu, na hayo matatu unaweza kuyagawa kwa jicho. Sasa una mistari ya milalio, na hiyo ndiyo mapigo ya paa. Ikaze kidogo kuliko migongo, kwa kuwa ukingo wa bati la juu hutupa kivuli chembamba. Migongo yenyewe ichore kwa ukamilifu katika mabati mawili matatu ya karibu tu, kisha iache ififie. Jicho la mtazamaji litajaza lililobaki.

Misumari nayo ina utaratibu. Hupigwa juu ya mgongo, kwa sababu maji hupita bondeni, na hufuata papi, zile mbao za ulalo zinazobeba bati. Kwa hiyo nukta za misumari hupanga safu zilizonyooka, sambamba na kilele cha paa. Nukta zilizotawanyika ovyo humwambia fundi yeyote kwamba hukutazama.

Pale juu, pande mbili zinapokutana, hukaa kofia: bati bapa lililokunjwa katikati. Ukingo wake umenyooka lakini chini yake kuna mawimbi, hivyo unagusa migongo tu na kuacha vijitundu vyeusi juu ya mabonde. Safu hiyo ya vitundu ndiyo inayoifanya kofia ionekane imekaa juu ya paa. Bila hivyo inaonekana imepakwa rangi tu. Kumbuka pia kwamba viungo vya kofia havilazimiki kuangukia kwenye milalio ya mabati.

Gata, yaani mfereji wa kukingia maji, hukosewa kwa namna nyingine. Wachoraji huuchora sambamba na ukingo wa bati, ilhali fundi huuinamisha kuelekea kwenye tangi. Mwinamo wa sentimita moja kwa kila mita unatosha, na katika mita 9 mwisho wa gata unakuwa umeshuka sentimita 9. Onyesha pengo linaloongezeka polepole kati ya bati na gata, na ukingo wa bati, wenye mawimbi yake, ukining'inia juu ya gata.

Sasa tufike kwenye jua. Kwanza vivuli. Migongo hutelemka kutoka kofia hadi gata. Ikiwa kofia imelala mashariki hadi magharibi, jua la asubuhi linaipiga migongo kwa ubavu: upande wa mashariki wa kila mgongo unawaka, wa magharibi unabaki kivulini. Ubavu wa wimbi hauzidi nyuzi 37 hivi kwa ukali, kwa hiyo inapokaribia saa tatu jua limeshapanda kiasi cha kuugusa uso wote, na mistari hupauka. Kofia ikilala kaskazini hadi kusini, jua hilohilo hufuata urefu wa migongo na mistari karibu isionekane. Kabla ya kuchora, uliza nyumba imeelekea wapi.

Mng'ao ni jambo jingine, na hapa akili hutudanganya. Tunadhani utafuata mgongo kutoka juu hadi chini. Kumbe mng'ao mkali huikata migongo, ukavuka paa kwa upana wake. Tazama sufuria lililosuguliwa kwa waya: mikwaruzo ni ya duara, lakini mwanga huonekana kama miali inayotoka katikati, ikiikata mikwaruzo hiyo. Bati hufanya vivyo hivyo. Kila wimbi hurudisha jua katika vipande viwili vifupi, kimoja mgongoni na kingine bondeni, na vipande vya mawimbi yote vikipangana vinakuwa utepe.

Tuseme ni Desemba Mwankoko, karibu saa saba kasoro. Jua liko juu sana lakini limeegemea kusini. Umesimama juu ya mwamba kaskazini mwa nyumba, ukitazama kwa chini upande wa paa ulioelekea kwako. Utepe unaweza kutokea hapo, na ncha zake hupinda kidogo kuelekea kofia. Panda juu zaidi ya mwamba, nao utapanda kuelekea kofia. Shuka, utateremka kuelekea gata, kisha utatoweka kabisa. Ndiyo maana paa moja linawaka na la jirani limefifia, ingawa yote ni mapya: mwinamo au mwelekeo wao umetofautiana kidogo. Na jua likiwa mgongoni mwako, kwa kawaida usichore mng'ao huo.

Kwa rangi ya maji, utepe ni karatasi nyeupe isiyoguswa. Kwa kuwa mng'ao unazidi anga kwa mwanga, ni lazima anga lipakwe rangi, hata hafifu, la sivyo hakuna kitakachong'aa. Bati jipya linalobaki nje ya utepe huchukua rangi ya anga. Lililozeeka hutawanya mwanga na utepe wake ni ukungu tu, huku kutu ikianzia kwenye misumari na milalio na kutelemka bondeni.

Kwa mara ya kwanza, chagua paa lililozeeka, lisilo na gata, na ulichore asubuhi kabla ya saa tatu. Hesabu mabati yake kabla hujagusa penseli.