Maneno ya ripoti ya mlango wa kizazi na maana yake

MWANAMKE aliyepimwa mlango wa kizazi kwa njia ya Pap aghalabu hungoja majibu kwa majuma kadhaa, kisha hukabidhiwa karatasi ya Kiingereza yenye maneno yanayoweza kumnyima usingizi: inflamesheni, gredi ya chini au gredi ya juu. Hakuna hata moja kati ya hayo lenye maana ya saratani. Hata hivyo, hayalingani kwa uzito, na anayeyachanganya huenda akaogopa bure au, lililo baya zaidi, akapuuza lisilostahili kungoja.

Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 36. Muuguzi alipitisha brashi ndogo kwenye mlango wa kizazi, pale seli laini za ndani zinapokutana na ngozi ya nje, kwa kuwa ndipo saratani hii huanzia mara nyingi. Seli hizo zilipakwa kwenye kioo, zikatiwa rangi na kuchunguzwa kwa hadubini.

Mstari wa kwanza wa ripoti yake unasema sampuli ilitosha. Wengi huuruka mstari huo, ilhali ndio msingi wa yote. Iwapo damu au usaha umezifunika seli, maabara huandika kwamba sampuli haikutosha. Hayo si majibu mema wala mabaya. Ni sawa na kutopimwa, na mhusika hutakiwa kurudi baada ya miezi 2 hadi 4.

Mstari wa pili una neno inflamesheni. Neno hili limewatisha wengi kwa sababu ya tafsiri. Mhudumu mwenye haraka husema ni "uvimbe", naye mgonjwa husikia uvimbe wa saratani. Kwa hakika ni mchochota tu, yaani chembe nyeupe za damu zimekusanyika mahali palipokerwa. Huenda chanzo ni fangasi, vijidudu vya trikomonasi, koili ya kupanga uzazi, au ukavu unaofuata kukoma kwa hedhi. Trikomonasi hutibiwa, na mwenzi wake hutibiwa pia. Lakini fangasi walioonekana kwenye kioo bila mwasho wala uchafu usio wa kawaida hawahitaji dawa. Kumeza antibayotiki duru baada ya duru ili kuisafisha ripoti ni desturi isiyo na maana.

Mstari wa tatu unasema gredi ya chini, kwa herufi LSIL. Hapa mtaalamu ameona seli ambazo viini vyake vimekua, na aghalabu vimezungukwa na uwazi mithili ya pete. Hiyo ni alama ya virusi vya HPV, ambavyo mwili wenyewe huvishinda mara nyingi katika muda wa mwaka mmoja au miwili. Ndiyo maana daktari hakimbilii kukata. Virusi hivyo vikipimwa na kukosekana, mwanamke huyu anaweza kurudi baada ya miezi 12. Vikipatikana, aghalabu hushauriwa afanyiwe kolposkopi, yaani kutazamwa kwa darubini maalumu.

Lau mstari huo ungesema gredi ya juu, HSIL, kungoja mwaka mzima kusingefaa. Katika seli hizi kiini hukua hadi karibu kuijaza seli. Bado si saratani, ila huenda ni mabadiliko yanayoitangulia. Kwenye kolposkopi, mlango wa kizazi hupakwa asidi hafifu ya siki. Sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe, na kinyama kidogo hukatwa kupelekwa maabara. Tiba huwa ni kugandisha, kuchoma kwa joto au kuondoa kwa waya wa umeme. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka wa 2008 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 10 wenye mabadiliko makali zaidi ya aina hii wasiotibiwa ipasavyo, takriban 3 walipata saratani katika miaka 30. Saba hawakupata, lakini hakuna awezaye kuwatambua mapema.

Isitoshe, gredi si hatua. Gredi hueleza jinsi seli zilivyobadilika sura. Hatua hueleza saratani iliyokwisha kuthibitishwa imeenea kiasi gani. Gredi ya juu, kwa hivyo, haina uhusiano na ile "hatua ya nne" inayotajwa matangani.

Kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi, hesabu hubadilika kidogo: hata gredi ya chini hupona kwa shida zaidi, na ufuatiliaji wake huwa wa karibu.

Tena kioo husema tu kuhusu seli zilizoguswa na brashi. Mwanamke anayetokwa na damu baada ya kujamiiana, au baada ya hedhi kukoma, anapaswa kuchunguzwa na daktari hata kama ripoti yake haina doa.