Tathmini ya Kazi: Yasomwayo na Yaandikwayo Yawe Mamoja

Katika kata ya Makorora, kama ilivyo katika kata nyingine za Jiji la Tanga, wapo wafanyakazi hodari wasiosoma kwa urahisi. Wamo wafagiaji wa barabara, walinzi, wapishi wa shule na vibarua wa vikundi vya usafi. Utendaji wao hupimwa kama wa watumishi wengine, na matokeo yake huweza kuamua kama mkataba utahuishwa au la. Makala haya yanaeleza namna msimamizi anavyoweza kumsomea mfanyakazi wa aina hiyo matokeo yake kwa sauti, na papo hapo akaacha kumbukumbu ya maandishi isiyo na utata.

Msingi wa jambo hili umo katika sheria. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mwajiriwa masharti ya kazi kwa maandishi, na mwajiriwa asipoyaelewa, aelezwe kwa namna anayoielewa. Ni busara kufuata mwendo huohuo katika tathmini, kwa kuwa hapo ndipo mfanyakazi hupimwa kwa masharti hayo.

Tuchukue mfano wa mfagiaji wa barabara katika kikundi cha usafi, mama wa makamo, ambaye kazi yake ni kufagia kipande chake cha barabara na kufikisha taka kizimbani kabla ya saa 2 asubuhi. Kwa mwezi uliopimwa alikuwa na siku 26 za kazi. Siku 20 alimaliza kwa wakati, na siku 6 alichelewa. Msimamizi aliandika katika fomu kuwa mfanyakazi huchelewa, akampa alama 4.

Kabla ya kikao, msimamizi huchagua mahali pa faragha na kuhakikisha kuwa fomu imeandikwa kwa Kiswahili. Fomu ikiwa ya Kiingereza, itafsiriwe kwa maandishi mapema, kwa kuwa anayetafsiri huku anasoma huruka maneno bila kukusudia. Ni vema pia kila mfanyakazi wa kikundi asomewe fomu yake, ajuaye kusoma na asiyejua. Utaratibu ukiwa wa wote, hakuna anayelazimika kutangaza mbele ya wenzake kuwa hasomi.

Katika kikao, msimamizi husoma yaliyoandikwa kama yalivyo, kipengele kimoja kimoja, kisha ndipo hueleza kwa maneno mepesi. Mpangilio huu una sababu yake. Msimamizi anayeeleza kwa kichwa bila kusoma mara nyingi hulainisha maneno ili asimuudhi mtu mzima aliye mbele yake. Mdomo husema “jitahidi kidogo”, ilhali karatasi inasema “utendaji hafifu”. Mfanyakazi huondoka ameridhika, na miezi kadhaa baadaye karatasi ileile hutolewa kuwa ushahidi kwamba alikwisha kuonywa.

Baada ya kila kipengele, mfanyakazi huombwa arudie alichosikia kwa maneno yake. Kuuliza “umeelewa?” hakutoshi, maana adabu humfanya mtu aitikie ndiyo. Swali lifaalo huuweka mzigo kwa msomaji: “Mama, ili nijue kama nimesoma vizuri, hebu nieleze hapa pamesemwa nini.”

Hapo ndipo kosa hujitokeza. Mfagiaji wetu alijibu, “Nimepata nne katika tano, nashukuru.” Kikundi chake kilitumia kipimo kama kile cha OPRAS, mfumo wa wazi wa tathmini ulioanzishwa katika utumishi wa umma mwaka 2004, ambamo 1 ilikuwa utendaji bora kabisa na 5 mbaya kabisa. Kwa hiyo alama aliyoishukuru ilikuwa ya pili kutoka chini. Alama isisomwe peke yake kamwe: isomwe pamoja na maana yake, na mfanyakazi aambiwe ipi ni ya juu na ipi ni ya chini.

Alipoelewa, mama huyo alisema kwamba tairi la toroli lake lilipasuka, na siku kadhaa alimsubiri mwenzake amalize ndipo aazime lake. Maneno hayo yaandikwe katika sehemu ya maoni ya mfanyakazi kama alivyoyasema: “Tairi la toroli lilipasuka, nikawa nasubiri kuazima.” Msimamizi akiandika “mfanyakazi alitoa visingizio”, atakuwa ameandika hukumu yake mwenyewe mahali pa maneno ya mwenziwe. Maoni yakishaandikwa, nayo husomwa kwa sauti ili mwenyewe athibitishe.

Msimamizi hakubadilisha alama palepale. Aliandika kwamba ataangalia daftari la vifaa ndani ya siku 7. Daftari lilionyesha kuwa siku 4 kati ya zile 6 toroli lilikuwa bovu. Karatasi ya marekebisho ikaandikwa, alama ikawa 3, yaani utendaji wa wastani, na karatasi hiyo ikasomwa kwa utaratibu uleule. Fomu ya kwanza haikufutwa wala kuchanwa. Zote mbili ziliambatanishwa, ili atakayezisoma baadaye aone kilichobadilika na sababu yake.

Mwisho wa fomu huwekwa maelezo mafupi ya namna hii: “Fomu hii imesomwa kwangu yote kwa sauti, kwa Kiswahili, leo tarehe …, na …, mbele ya shahidi niliyemchagua. Nimerudia yaliyomo kwa maneno yangu. Dole gumba langu linathibitisha kuwa nimesomewa. Halimaanishi kuwa nimekubali kila kilichoandikwa.” Sentensi ya mwisho ni ya lazima, kwani wengi hukataa kuweka dole gumba wakidhani wanakiri kosa.

Shahidi awe anajua kusoma, achaguliwe na mfanyakazi, na asiwe aliyetoa alama. Kazi yake ni kufuatilia karatasi kwa macho wakati inasomwa. Nafasi zilizobaki wazi zikatwe kwa mstari kabla dole gumba halijawekwa, na mfanyakazi apewe nakala yake siku hiyohiyo. Ingawa haisomi, ataweza kuipeleka kwa mtoto wake, jirani au chama cha wafanyakazi aisomewe tena.

Utaratibu huu una mpaka wake. Dole gumba halithibitishi kuwa alama ni ya haki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri achunguze sababu za utendaji duni, atoe mwongozo na muda wa kutosha wa kujirekebisha, na kabla ya kuamua kuachisha kazi aitishe kikao ambamo mfanyakazi anaweza kusaidiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama.

Mkazi aliyeachishwa kazi kwa tathmini ambayo hakusomewa anaweza kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Kwa migogoro mingine muda ni siku 60. Aende na nakala ya fomu. Kama hakupewa nakala, alieleze jambo hilo mwanzoni kabisa, pamoja na tarehe ya kikao na jina la aliyemsomea.