Sifuri moja ya ziada katika makadirio ya kodi

Tuseme tunakadiria kodi ya chumba mtaani kwa kutumia vyumba vitano vinavyofanana: Sh 80,000, 90,000, 100,000, 110,000 na 120,000 kwa mwezi. Kadirio la 100,000 linafaa. Lakini mwandishi akikosea, 120,000 ikaandikwa 1,200,000, kitatokea nini?

Hapo kipimo cha kosa ndicho kinachoamua. Wastani wa makosa ya mraba huzidisha kila kosa kwa lenyewe kabla ya kutafuta wastani. Tukibaki na kadirio la 100,000, chumba kile kina kosa la 1,100,000, ambalo likishazidishwa hubeba zaidi ya asilimia 99 ya jumla yote. Ili kulipunguza, modeli husogeza kadirio hadi 316,000, yaani wastani wa kodi zote, kodi ambayo hakuna mpangaji anayeilipa.

Wastani wa makosa halisi huhesabu tu umbali kati ya kadirio na ukweli, bila kujali juu au chini. Wenyewe huangukia thamani ya katikati, na kadirio hubaki 100,000.

Hata hivyo, kama ile milioni ni kodi ya kweli, kipimo cha pili kitaipuuza. Kwa hiyo kokotoa vyote viwili: kipeuo cha pili cha kipimo cha kwanza kikikizidi sana cha pili, rudi kwenye daftari ukague thamani zilizojitenga.