Ufadhili Ukikatwa: Namna ya Kuisoma Barua na Kuijibu

Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tuliuangalia mkataba wa ufadhili na yale ambayo mzazi na mwanafunzi hukubali wanapoutia saini. Leo tuichukue barua ambayo hakuna nyumba ya Dandora inayotaka kuipokea, ile inayosema kwamba kwa kuwa matokeo ya mwanafunzi yameshuka, mfadhili hatalipa karo tena kuanzia muhula ujao. Wengi huipokea kama hukumu. Mama hulia, mtoto hujifungia ndani, na siku za rufaa huanza kuhesabika bila mtu kuzihesabu. Ndiyo maana naomba barua hiyo isomwe taratibu, na kwa kalamu mkononi.

Kitu cha kwanza kutafuta ni sababu. Sitosheki na neno "umefeli", kwa maana kufeli kwa chuo na kufeli kwa mfadhili ni mambo mawili. Katika kozi nyingi za vyuo vyetu vya umma, mwanafunzi aliyepata alama 40 kwa 100 amepita somo hilo. Mfadhili naye anaweza kuwa ameandika katika mkataba wake kwamba anataka wastani wa 50 au zaidi kila muhula. Mwanafunzi mwenye wastani wa 44 basi anaweza kupanda mwaka bila kurudia mtihani hata mmoja, na bado akawa amevunja sharti la mfadhili. Familia hubisha kwamba mtoto hakufeli, mfadhili hushikilia kwamba alifeli, na kila upande unasema kweli kwa kipimo chake. Rufaa inayobishana na kipimo ambacho barua haikukitumia haifiki popote.

Kwa hiyo barua iliyoandikwa vizuri hutaja sharti lililovunjwa, alama zilizoonekana, zilitoka katika hati gani, uamuzi unaanza lini, na rufaa ipelekwe kwa nani kabla ya tarehe gani. Ikikosa mambo haya, andika mara moja uyaombe, tena kwa maandishi. Uamuzi uliotolewa kwa simu, au kwa ujumbe mfupi wa maneno manne, haumpi mtu kitu cha kujibu.

Haya si hisani tu. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa njia halali na ya busara, kwa utaratibu ulio wa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa vibaya. Sheria ya 2015 iliyotungwa kutekeleza kifungu hicho inataka muathiriwa ajulishwe mapema, asikilizwe, aonyeshwe ushahidi uliotegemewa na aambiwe kama kuna njia ya rufaa. Inasema pia kwamba mwamuzi asipotoa sababu zilizoombwa, itachukuliwa kuwa hakuwa na sababu nzuri, mpaka athibitishe vinginevyo. Sheria hiyo inataja vyombo vya dola na visivyo vya dola. Hata hivyo, kwa mfadhili wa binafsi, kama kanisa, wakfu au kampuni, ningeanza na mkataba wenyewe, kwa sababu ndio aliotia saini na ndio ulio karibu zaidi kumbana.

Basari ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, ambayo watu wa Dandora huiomba kupitia Embakasi Kaskazini, mara nyingi huombwa upya kila mwaka. Kukosa kupewa mwaka huu si sawa na kukatiwa ufadhili ulioahidiwa kwa kozi nzima, na rufaa yake haiandikwi kwa namna ile ile.

Sasa tumbuni mwanafunzi mmoja wa Awamu ya 4, yuko mwaka wa pili, na mkataba wake unataka wastani wa 50. Barua inasema amepata 45.3. Katika hati yake ya matokeo kuna masomo sita: 58, 61, 54, 47, 52, na la sita halina alama, ni kistari tu. Jumla ya alama zilizoandikwa ni 272. Ukigawanya kwa sita unapata hiyo 45.3 ya mfadhili. Ukigawanya kwa masomo matano yaliyosahihishwa na kuingizwa, unapata 54.4, naye yuko juu ya sharti. Ofisi ya mfadhili ilihesabu kistari kama sifuri.

Alama kukosekana ni tatizo sugu la vyuo vyetu, na wanafunzi wanalijua vizuri kuliko wafadhili. Mhadhiri amechelewa kuwasilisha alama za majaribio ya muhula, au karatasi imeingizwa chini ya nambari ya mwanafunzi mwingine. Mwanafunzi huyu hahitaji kurasa tatu za kusimulia umaskini wa nyumbani. Anahitaji barua fupi ya mkuu wa idara au msajili inayothibitisha kwamba alifanya mtihani huo na kwamba alama bado hazijaingizwa, pamoja na hesabu niliyoionyesha hapo juu. Na aiombe barua hiyo siku ile ile, maana ofisi za chuo nazo zina foleni zake.

Ngumu zaidi ni pale alama zote zipo na ni mbaya kweli. Hapo kukana hakusaidii. Anayesikiliza rufaa hutaka kujua mambo mawili: nini kilitokea wakati ule wa mitihani, na kwa nini hakitatokea tena. La kwanza huthibitishwa na karatasi yenye tarehe. Kama mama alilazwa Mama Lucy Kibaki na mwanafunzi ndiye aliyekuwa akimuuguza, kadi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini yenye tarehe za wiki ya mitihani ina uzito kuliko barua ya chifu iliyoandikwa miezi mitatu baadaye. La pili ndilo husahaulika. Jamaa huandika msiba wote kwa uchungu, wasiseme nani anamtunza mgonjwa sasa, wala mwanafunzi atafanya lini mitihani ya marudio. Mfadhili aliyeguswa moyo lakini hakuonyeshwa mabadiliko atahofia kulipia muhula mwingine wa namna hiyo hiyo.

Ikiwa mfadhili hakuwahi kumwonya mwanafunzi muhula uliotangulia, ilhali mkataba unasema onyo litatangulia, hilo liandikwe mwanzoni kabisa mwa rufaa. Aombe pia isikilizwe na mtu asiyekuwa yule aliyetia saini barua ya kwanza.

Wakati haya yakiendelea karo haisubiri. Ombi la rufaa libebe ombi la pili: malipo yasisimamishwe mpaka uamuzi utoke. Mfadhili akikataa, mwanafunzi aulize chuoni kuhusu kuahirisha masomo rasmi, kwa maana anayetoweka bila ruhusa huweza kuandikiwa kufeli kwa mitihani asiyoifanya, na matokeo hayo yakaharibu rufaa yenyewe.

Kukimbilia mahakamani kabla ya kumaliza ngazi za rufaa kwa kawaida hurudisha mtu nyuma, kwa sababu sheria ya 2015 inataka njia za ndani zitumike kwanza, isipokuwa pale mahakama ikiona kuna hali ya kipekee. Na ndani ya ngazi hizo majibu hayako mawili tu. Kati ya kurudishiwa ufadhili wote na kukatwa kabisa kuna kulipiwa muhula mmoja wa majaribio kwa sharti la alama lililotajwa. Mwenye matokeo mabaya ya kweli aliombe hilo kwa jina, na aandike alama atakayokubali kupimwa nayo.

Wiki ijayo: mkopo wa HELB kwa mwanafunzi aliyepoteza mfadhili katikati ya kozi.