Kichupa Kinachochagua Pa Kumwaga Maji

Anayeingia hotelini au kwenye jengo la maduka huviona vinyunyizio vya moto vimechomoza darini, na mara nyingi huamini kile alichokiona kwenye filamu: mtu anawasha kiberiti chooni, na jengo zima linanyeshewa. Imani hiyo ina hasara yake. Wapo wenye majengo wanaokataa kufunga mfumo huu kwa kuhofia kwamba moto wa pipa moja la taka utaloanisha kompyuta, mazulia na bidhaa za ghorofa nzima. Kinyunyizio cha kawaida hakifanyi hivyo, na anayetaka kujua kwa nini akitazame kichupa kidogo cha kioo kilicho katikati yake.

Ndani ya kichupa hicho mna kimiminika cha rangi, aghalabu cha jamii ya gliserini, na kiputo kidogo cha hewa. Kichupa kimesimamishwa wima kwenye fremu ya shaba, na juu yake kuna kizibo kinachozuia maji yaliyojaa bombani muda wote. Kwa maneno mengine, presha ya maji inazuiwa na kioo. Joto likipanda, kimiminika hutanuka na kukibana kile kiputo mpaka kinatoweka. Hapo kimiminika hakina tena pa kutanukia, na kwa kuwa hakibanwi kirahisi, presha ndani ya kioo hupanda ghafla na kioo kinapasuka vipande vidogo. Kizibo kinaruka, maji yanatoka, yanagonga kisahani chenye meno kilicho chini na kutawanyika kama mwavuli. Hakuna umeme unaohitajika, wala hakuna kinyunyizio kinachopeleka habari kwa jirani yake. Moshi peke yake, hata uwe mzito kiasi gani, haukivunji.

Utaratibu wa kila kinyunyizio kujifungulia chenyewe ni wa zamani. Mwaka 1874 Henry Parmelee alifunga vinyunyizio vyake katika kiwanda chake cha piano mjini New Haven, Marekani. Yeye alitumia risasi ya kulehemu inayoyeyuka kwa joto. Kichupa cha kioo kilikuja baadaye, lakini kanuni ni ileile.

Kwa nini basi kipasuke kimoja na jirani yake abaki mzima? Tuchukue ofisi ambayo dari yake iko mita 2.5 juu ya kiti kinachoungua. Hewa ya chumba ina nyuzi 30 za Selsiasi, na moto umefikia kilowati 300, kiasi ambacho kiti chenye sponji hukifikia bila shida. Vinyunyizio vimeachana mita 4, na kiti kiko kati ya viwili: kimoja mita 1 kutoka usawa wake, kingine mita 3. Hewa ya moto hupanda wima, hugonga dari, kisha husambaa pande zote huku ikichanganyika na hewa baridi. Kwa kanuni ambayo mhandisi Ronald Alpert aliitoa mwaka 1972, kwenye kinyunyizio cha kwanza hewa hiyo inafika na nyuzi kama 125. Kwenye cha pili ni nyuzi 76. Kama kingekuwapo kingine umbali wa mita 5, kingepata nyuzi 63 tu.

Vichupa vyekundu, ambavyo ndivyo vya kawaida maofisini, hupasuka kwenye nyuzi 68. Kile cha mita 5 hakitapasuka kabisa kwa moto huu. Cha mita 3 kingeweza, maana hewa yake imeshapita 68, ila kioo na kimiminika vinahitaji muda wa kupata joto, na hewa isiyo kali sana huvipasha polepole. Kwa kichupa chembamba cha milimita 3, kinachofanya kazi haraka, hesabu inatoa sekunde 20 hivi kwa kinyunyizio cha kwanza, na dakika moja na nusu kwa cha pili. Katika nafasi hiyo ya zaidi ya dakika moja, cha kwanza kimeshamwagia moto na kuipoza hewa ya darini. Cha pili hakipati tena joto la kukivunja.

Ndiyo maana takwimu za NFPA, shirika la Marekani linaloandika viwango vya kinga ya moto, zinaonyesha kwamba katika zaidi ya robo tatu ya mioto ambayo vinyunyizio vilifanya kazi, kilifunguka kimoja tu.

Kinyunyizio cha ofisini kwa kawaida hutoa lita 80 kwa dakika presha ikiwa bar 1. Kikifanya kazi dakika 10, ni lita 800. Sitasema ni kidogo: zulia litaharibika, na maji yatashuka ghorofa ya chini. Lakini mpira mmoja wa zimamoto hutoa kwa urahisi lita 400 au 500 kila dakika, tena unafika moto ukiwa umeshakula chumba kizima. Maji yanapungua kwa sababu yaliwahi moto ukiwa mdogo, na yalitoka pale tu palipowaka.

Kazi hii nzuri huharibiwa na mambo madogo. Rangi ya kimiminika ndiyo inayotaja nyuzi za kupasuka: njano ni 79, kijani 93, buluu 141. Kichupa kinatakiwa kiwe kiasi cha nyuzi 30 juu ya joto kubwa kabisa la kawaida la mahali pale. Ghala la bati la Dar es Salaam au Mombasa, ambalo chini ya paa lake panachemka adhuhuri, halifai kichupa chekundu. Hapo hufungwa cha kijani, vinginevyo jua litakuja kumwaga maji pasipo moto. Fundi rangi akikipaka kinyunyizio pamoja na dari, joto litachelewa kukifikia au kizibo kitagandamana, na dawa yake si kukikwangua bali kukibadilisha. Kichupa kilichovuja na kubaki kitupu nacho kibadilishwe. Mabunda ya bidhaa yaachiwe nafasi ya nusu mita chini ya kinyunyizio, la sivyo mwavuli wa maji hautafunguka. Na vinyunyizio visisogeleane kupita kiasi: vikiwa chini ya mita 2 hivi, cha kwanza kitamrushia jirani yake maji na kumpoza hata pale anapohitajika.

Kubwa kuliko yote ni vali. Kinyunyizio kilichopasuka hakijifungi; maji yataendelea kutoka mpaka mtu afunge vali ya ghorofa ile, na hapa ndipo hasara ya maji inapoongezeka bure, kwa sababu mlinzi wa usiku hajawahi kuonyeshwa iko wapi. Aonyeshwe leo. Lakini asiifunge mpaka zimamoto wathibitishe kuwa moto umezimika, na akishaifunga abaki palepale, moto ukirudi aifungue mara moja. Kisha kinyunyizio kipya cha nyuzi zilezile na kipimo kilekile cha maji kitolewe kwenye kisanduku cha akiba, kifungwe, na vali ifunguliwe siku hiyohiyo. Takwimu hizohizo za NFPA zinasema kwamba mfumo ukishindwa kufanya kazi siku ya moto, sababu ya kwanza ni kwamba mtu aliufunga na haukufunguliwa tena.